“Fanya mara mbili”: nini huzidishwa na nini hakizidishwi kwenye resipi ya keki

Picha iliingia kwenye simu jioni, na chini yake maneno machache ya mdogo wangu: “Dada, hii fanya mara mbili.” Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha mapishi, umepigwa kwa upande, kivuli cha mkono kimeangukia kona ya chini. Keki ya siagi ya kawaida: unga gramu 200, sukari gramu 180, siagi gramu 150, mayai 3, maziwa mililita 100, bekingi poda vijiko 2 vya chai, vanila kijiko 1 cha chai na chumvi robo kijiko cha chai. Chombo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 20. Oveni nyuzi 180, dakika 40.

Kwenye ukurasa huo kuna namba za aina tatu, na “mara mbili” inaziathiri kila moja kwa njia yake. Vipimo vya viungo vinazidishwa kwa mbili, basi. Kipenyo cha chombo hakizidishwi kwa mbili, maana chombo cha sentimita 40 hakibebi keki mbili za namna hii, kinabeba nne. Muda wa oveni unafuata unene wa mchanganyiko ndani ya chombo, si wingi wake, kwa hiyo unaweza kubaki karibu palepale au ukaongezeka sana, kutegemea chombo ulichochagua. Na moto haupandishwi kwa sababu umeongeza unga. Ukihitaji kuugusa, utaupunguza.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu niliwahi kuzidisha kila kitu na kukimimina kwenye chombo cha sentimita 24, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote nyumbani. Niliacha moto nyuzi 180 kama kitabu kilivyosema. Dakika ya 40 mchanganyiko ulikuwa umefurika ukingoni na kuanza kuungua chini ya oveni. Dakika ya 55 juu pamekuwa na ganda jeusi lililopasuka, na kijiti nilichochoma katikati kilitoka na rojo mbichi. Nikaiacha mpaka dakika ya 80. Katikati iliiva, lakini pembeni upana wa kidole kizima ulikuwa mkavu na mgumu, hauliki. Viungo vilikuwa sahihi hadi gramu ya mwisho. Kilichoharibu ni chombo na moto.

Kabla ya hesabu, soma picha

Picha ya ukurasa si sawa na ukurasa wenyewe. Nusu iliyoandikwa kwa tarakimu ndogo, ½, ikififia kidogo inafanana na ¼, na ikikatika inasomeka 1. Vifupisho vya kijiko cha chai na kijiko cha chakula hutofautiana kwa herufi moja tu katika vitabu vingi, na herufi hiyo ndiyo inayoangukiwa na kivuli. Ukizidisha namba uliyoisoma vibaya, umezidisha kosa pia.

Kwa bahati nzuri, keki ina uwiano unaojulikana, na huo unakusaidia kukamata kosa. Bekingi poda, ule unga wa kuumulia keki, kwa kawaida ni kama kijiko 1 cha chai kwa kila gramu 100 hadi 125 za unga wa ngano. Gramu 200 zikija na vijiko 2 vya chai, inaingia akilini. Ukisoma vijiko 2 vya chakula, hiyo ni sawa na vijiko 6 vya chai, na keki itainuka kwa kasi, itaporomoka, na itaacha ladha ya uchungu kama sabuni mdomoni. Hapo omba picha nyingine. Vivyo hivyo kwa moto: ukiona 350 bila maelezo, hizo ni nyuzi za Farenhaiti, karibu na 180 za Selsiasi. Oveni nyingi za nyumbani hazifiki 350 za Selsiasi, na inayofika ingeunguza keki kabla haijaiva.

Kisha uliza swali moja ambalo watu huona aibu kuliuliza: mara mbili ya nini? Kwenye picha ya mdogo wangu, pembeni mwa mstari wa unga kulikuwa na alama ya penseli, “x2”. Je, mtu alishazidisha huko nyuma na kuandika namba mpya, au aliandika tu kujikumbusha? Nikamwuliza pia kama anataka keki moja kubwa au keki mbili za ukubwa uleule. Alinijibu kwamba alama ni ya zamani na namba zilizochapwa ni za keki moja, na kwamba anataka moja kubwa ya kukatwa vipande mbele ya wageni. Jibu hilo la pili ndilo lililoamua kazi yote iliyofuata.

Baada ya hapo, andika upya resipi nzima kwenye karatasi, ikiwa imeshazidishwa. Usizidishe kichwani huku unapima. Akili inachoka kati ya mstari wa nne na wa sita, na ndipo unajikuta umetia mayai 6 na siagi ya keki moja. Ukiandika, pitia pia maelezo ya chini, kwa sababu namba nyingine zimejificha humo. Kwenye ukurasa huu kulikuwa na sentensi inayosema tia yai moja moja, na kila yai lifuate na kijiko 1 cha unga. Hiyo haizidishwi. Mayai yakiwa 6, vijiko vitakuwa 6 vyenyewe, na unga huo unatoka kwenye zile gramu 400 ulizokwisha kupima. Mtu anayezidisha kila namba anayoiona atatia vijiko 2 kwa kila yai, na hapo unga unaingia mapema kuliko inavyotakiwa na kukorogwa mno.

Viungo

Hapa hakuna fumbo. Unga gramu 400, sukari 360, siagi 300, mayai 6, maziwa mililita 200, vanila vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Bekingi poda vijiko 4 vya chai, ambavyo ni kijiko 1 cha chakula na kijiko 1 cha chai, kwa sababu kijiko cha chakula cha mililita 15 kinabeba vitatu vya chai vya mililita 5. Ukitumia vijiko vya mezani badala ya vya vipimo, tumia kilekile mwanzo hadi mwisho.

Utasikia watu wakisema bekingi poda ipunguzwe ukizidisha resipi. Ushauri huo una mahali pake, kwenye keki kubwa mno ambazo katikati yake iko mbali sana na ukingo. Kwa mara mbili tu, na mchanganyiko ukiwa na kina kilekile, mimi siipunguzi, na keki huinuka vizuri. Chumvi nayo zidisha kama ilivyo, kwa sababu keki huwezi kuionja katikati ya safari ukarekebisha.

Mayai ndiyo yanayoyumba. Yai la kati bila ganda lina kama gramu 50, kwa hiyo mayai 6 ni karibu gramu 300. Kama mayai yako ni madogo, kwenye keki moja tofauti ilikuwa gramu 25 au 30 na haikuonekana, lakini sasa inafika gramu 50 au 60, yaani yai zima limekosekana. Kwa uwiano kosa ni lilelile, ila sasa lina dawa rahisi: vunja yai la saba. Wenye mizani wapime, wasio nayo waangalie ukubwa.

Katika kukoroga, tazama mchanganyiko, usitazame saa. Siagi na sukari vikiwa maradufu vitachukua muda zaidi kuwa vyeupe na vyepesi, hasa mashine ikiwa ndogo na bakuli limejaa. Lakini unga ukishaingia, hiyo sababu ya kuongeza muda inakwisha. Koroga mpaka chembe nyeupe za unga zisionekane, uache hapo. Wingi wa rojo unashawishi mtu aendelee, na keki iliyokorogwa mno baada ya unga kuingia hutoka ngumu, ikivutika kama mkate, na ndani ina mashimo marefu yanayopanda kwenda juu.

Chombo: zidisha eneo, acha kina

Lengo ni kumpa yule rojo maradufu nafasi ya kutandaa, ili unene wake uwe uleule ambao mwandishi wa kitabu aliupikia. Kina kikibaki vilevile, sehemu kubwa ya maelezo ya kitabu itaendelea kuwa kweli. Kwa hiyo tunachozidisha kwa mbili ni eneo la kitako cha chombo.

Kwa vyombo vya duara kuna njia ya mkato isiyohitaji kukumbuka hesabu za shule. Chukua kipenyo, kizidishe kwa chenyewe: 20 mara 20 ni 400. Zidisha kwa mbili: 800. Sasa tafuta chombo ambacho kipenyo chake kikizidishwa kwa chenyewe kinakaribia 800. Cha sentimita 28 kinatoa 784, karibu kabisa. Cha 24 kinatoa 576, na hapo ndipo keki yangu ya zamani ilipokwama: nilikuwa na rojo la 800 kwenye nafasi ya 576. Kwa macho, sentimita 24 na 28 hazionekani kutofautiana sana, na ndiyo maana jicho halitoshi.

Ukitaka kuhama kutoka duara kwenda trei ya mstatili au mraba, zidisha ile 800 kwa 0.785 upate eneo halisi, ambalo ni sentimita za mraba 628. Trei ya 25 kwa 25 ina 625, imelingana. Ya 20 kwa 30 ina 600, inafaa pia, keki itakuwa nene kidogo tu. Ya 23 kwa 33, ambayo ni saizi inayopatikana sana, ina 759, na humo keki itakuwa nyembamba zaidi na itaiva mapema.

Chombo chenye umbo la ajabu, kama kile chenye tundu katikati au kilichokunjamana pembeni, pima kwa maji. Jaza chombo cha sentimita 20 kwa maji mpaka ukingoni, pima ni mililita ngapi, kisha uone kama chombo kipya kinabeba maradufu. Kama kitako cha chombo kinatoka, maji yatavuja, kwa hiyo tandika mfuko wa plastiki ndani kwanza. Na kwa chombo chochote utakachochagua, rojo lisipite theluthi mbili ya kimo chake. Likibaki, lioke kwenye vikombe vidogo pembeni. Kulilazimisha liingie lote ni kukaribisha kufurika.

Muda unafuata unene

Joto linaingia kwenye keki kutokea nje: chini, juu na pembeni. Sehemu inayoiva mwisho ni katikati, na muda wa kuiva ni muda wa joto kusafiri mpaka huko. Keki ya kitabu chetu, mbichi, ina kina cha kama sentimita 3. Katikati yake iko sentimita moja na nusu tu kutoka chini na kutoka juu, wakati ukingo uko sentimita 10 mbali. Joto linalofika katikati limetoka chini na juu kwa sehemu kubwa, na la pembeni limechangia kidogo. Ukihamia chombo cha sentimita 28 na kina kilekile cha 3, safari ya joto kutoka chini na juu haijabadilika. Ndiyo maana keki maradufu haihitaji dakika 80.

Haitakuwa 40 kamili pia. Chombo kikubwa chenye rojo baridi kinavuta joto la oveni kwa muda, na maji yanayotakiwa kupashwa ni mengi zaidi. Mimi huongeza dakika 5 hadi 10 kichwani, lakini naanza kuchungulia muda uleule wa kitabu. Ukichungulia mapema hujapoteza kitu, mradi usifungue mlango kabla keki haijashika.

Sasa chukua hali ya pili, mtu hana cha sentimita 28, ana cha 24 chenye kuta ndefu. Rojo lilelile humo litasimama kama sentimita 4 badala ya 3. Tofauti ya sentimita moja inaonekana ndogo, ila muda wa joto kupenya kitu kinene haukui kwa hatua sawa na unene. Unakua karibu na kipeo chake cha pili: unene ukiongezeka kwa theluthi moja, muda unaweza kusogea kuelekea mara moja na robo tatu. Kwenye keki halisi hausogei mpaka mwisho huo, kwa kuwa pembeni nako kunasaidia, lakini dakika 60 kwa chombo hicho si ajabu.

Dakika 60 kwa nyuzi 180 ndizo zinazounguza. Ganda la nje linapata joto kali muda wote huku katikati ikisubiri. Kwa hiyo keki ikiwa nene kuliko ya kitabu, shusha moto hadi nyuzi 160 au 165, uanze kuchungulia dakika ya 50. Juu pakianza kuwa na rangi ya kutosha kabla ndani hapajaiva, funika kwa karatasi ya foili bila kuibana. Ukipikia kwenye ile trei ya 23 kwa 33, geuza hesabu: keki nyembamba, moto uleule wa 180, anza kuchungulia dakika ya 28.

Angalizo moja kuhusu vyombo viwili. Kama mdogo wangu angetaka keki mbili badala ya moja kubwa, ningetumia vyombo viwili vya sentimita 20 na nisingebadilisha lolote isipokuwa kuongeza dakika chache. Hiyo ndiyo njia salama kuliko zote. Viweke kwenye rafu moja vikitoshea, bila kugusana wala kugusa ukuta wa oveni, maana hewa moto inahitaji njia. Vikilazimika kukaa rafu mbili, vibadilishane nafasi baada ya theluthi mbili za muda, yaani karibu dakika ya 28. Kuvitikisa kabla ya hapo, wakati katikati bado ni uji, kunaporomosha keki. Na oveni ikiwa ndogo kiasi cha kuoka kimoja kimoja, usichanganye rojo lote kwa pamoja. Bekingi poda inaanza kufanya kazi ikiguswa na unyevu, na rojo lililosubiri dakika 40 mezani hutoa keki fupi.

Wanaozidisha mchuzi au rosti badala ya keki wana tatizo lililogeuka. Maji hupotea kupitia uso wa sufuria, na uso huo hauongezeki ukitumia sufuria ileile. Ukizidisha maji kwa mbili, kinachopotea kwa saa kinabaki karibu kilekile, na mchuzi unabaki mwepesi. Tia robo tatu ya maji yaliyozidishwa, uongeze baadaye ikibidi. Vitunguu na nyama vikaange kwa mafungu, kwa sababu vikirundikana vinatoa maji na kuchemka badala ya kupata rangi.

Kujua imeiva

Muda wowote utakaokokotoa ni wa kukuambia lini uanze kutazama. Keki yenyewe ndiyo inayosema. Ukingo unaanza kuachana na chombo kwa upana wa uzi. Katikati ukiigusa kwa kidole inarudi, haiachi shimo. Kijiti kinachochomwa katikati kabisa, si pembeni, kinatoka kikavu au na chembe mbili tatu za keki, bila rojo. Mwenye kipimajoto akichome katikati: ikifika nyuzi 96 hadi 98, itoe. Kwenye keki kubwa naamini zaidi kipimajoto na kijiti kuliko harufu, kwa sababu harufu inatoka kwenye ganda, na ganda la keki kubwa huiva mapema zaidi kuliko ndani.

Keki ikishapoa, kata na usome ilichokufanyia. Ukiona mstari wenye unyevu, mzito kama ugali, chini karibu na kitako, ilitolewa mapema au chombo kilikuwa chembamba kwa rojo hilo. Imepasuka kama mlima katikati na pembeni ni kavu: moto ulikuwa mkali kwa unene ule. Imebonyea katikati baada ya kutoka: ama ilikuwa mbichi, ama bekingi poda ilizidi, na ulimi utakuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Ile ya mdogo wangu niliioka kwenye chombo cha sentimita 28, nyuzi 180. Dakika ya 40 kijiti kilitoka na rojo kidogo ncha yake. Dakika ya 44 bado kulikuwa na unyevu. Dakika ya 47 kilitoka kikavu, nikaitoa, nikaiacha ndani ya chombo dakika 15 kabla ya kuipindua, kwa kuwa keki pana ikipinduliwa ingali moto hukatika katikati kwa uzito wake. Kisha nikampigia picha karatasi yangu yenye namba zilizokwisha kuzidishwa, kipenyo cha chombo na dakika 47, nikamwandikia: “Hii sasa ndiyo ya watu wengi. Ile ya kitabu iache ilivyo, na ile x2 ya penseli uifute.”